Bei ya Nywele

Mteja akinipigia simu kuulizia kazi ya kuunganisha picha, swali la kwanza huwa ni "Kichwa kimoja shilingi ngapi?" Simlaumu, kwa sababu sisi wenyewe ndio tuliomfundisha kuuliza hivyo. Kwenye studio nyingi za Dar es Salaam bei hutajwa kwa kichwa, kama mbuzi mnadani, na mimi nilikaa miaka minne nikifanya vivyo hivyo: 25,000 kwa kila mtu anayekatwa na kuingizwa kwenye picha, na 30,000 kwa ajili ya mandhari ya nyuma. Hesabu yake ni nyepesi na mteja anaielewa papo hapo. Kasoro yake ni kwamba haipimi kazi. Kichwa cha mzee aliyevaa kofia hukatwa kwa dakika kumi. Kichwa cha binti mwenye rasta zilizoachiwa, aliyepigwa picha mbele ya kichaka, kinaweza kula siku nzima, na mwisho wake bado ukaona majani yanachungulia katikati ya nywele.

Nitaeleza namna ninavyokadiria bei siku hizi kwa kupitia kazi moja, kwa sababu ndani yake kulikuwa na karibu kila tatizo ambalo mhariri wa picha wa kujitegemea hukutana nalo. Familia ya Tanga ilitaka picha ya pamoja ya watu sita, ichapwe kwenye turubai la sentimita 90 kwa 60. Baba na kaka mkubwa walikuwa Tanga. Dada alikuwa Muscat, mdogo wao wa kike Toronto, na mjukuu wa miaka mitatu alikuwa kwa bibi yake mwingine Morogoro. Wa sita alikuwa mama, ambaye alishafariki. Aliyenitafuta ni yule dada wa Muscat, na alinitumia kila kitu kwa WhatsApp jioni moja, picha kumi na saba, kisha akauliza bei kabla sijazifungua.

Kwa bei ya kichwa ningemjibu 180,000 na kulala. Safari hii nilimjibu hivi: "Dada, nipe hadi kesho nizipime kwanza. Bei nitakupa nikishajua picha zipi zinafaa."

Upimaji huo ndio moyo wa makadirio, na hauchukui zaidi ya nusu saa. Kitu cha kwanza ninachotafuta ni urefu wa kichwa kwa pikseli, kuanzia utosini hadi kidevuni, katika kila picha. Halafu nalinganisha na urefu ambao kichwa hicho kitahitaji kwenye kazi iliyokamilika. Picha ya msingi ilikuwa nzuri: jirani alimpiga baba akiwa ameketi barazani kwake, kaka akiwa amesimama pembeni, kwa simu yenye kutoa faili la pikseli 4032 kwa 3024. Tukiikata ifuate umbo la turubai inabaki 4032 kwa 2688, ambayo kwa upana wa sentimita 90 ni kama pikseli 114 kwa inchi. Wachapaji hupenda kutaja 300, lakini turubai la ukubwa huo hutazamwa kutoka mita mbili hivi, na kwa umbali huo jicho halipati shida kabisa na 114. Kwa mpangilio huo mtu mzima aliyesimama angekuwa na urefu wa sentimita 42, na kichwa chake pikseli kama 250.

Basi kipimo changu kikawa 250. Picha ya dada ilipigwa studio, na kichwa chake peke yake kilikuwa na pikseli zaidi ya 1,000. Hapo hakuna wasiwasi. Ya mdogo wa Toronto ilikuwa imepita WhatsApp kwa njia ya kawaida, ambayo huipunguza picha hadi pikseli 1,600 hivi kwa upande mrefu, na kwa kuwa alipigwa mwili mzima, kichwa kilibaki na 190. Picha ya mama ilikuwa ya fremu inayoning'inia ukutani, imepigwa ukuta mzima na saa ya ukutani ndani yake. Kichwa kilikuwa na pikseli 140, na mng'ao wa taa ulikuwa umelala shavuni.

Kukuza 190 hadi 250 si kosa kubwa kwa uso. Kwa nywele ni habari nyingine, na hapa inabidi nieleze sababu yake, maana ndiyo inayofanya bei ya nywele isiwe bei ya kichwa.

Unywele mmoja una unene usiofikia sehemu ya kumi ya milimita. Kichwa cha mtu kina kama sentimita 23 kutoka utosini hadi kidevuni, kwa hiyo kikiwa na pikseli 190, kila pikseli inabeba eneo la milimita 1.2. Maana yake ni kwamba ndani ya pikseli moja mnaweza kuenea nyuzi kumi na zaidi zikiwa zimepangana, na pembezoni mwa kichwa, pale nywele zinapoachana, pikseli hiyo inabeba nywele mbili tatu pamoja na kilichokuwa nyuma yake. Hakuna unywele pale. Kuna mchanganyiko wa rangi ya nywele na rangi ya nyuma ambao umeshapikwa, na huwezi kuutenganisha tena, kama vile usivyoweza kutoa nazi kwenye wali. Maski, hata iwe safi namna gani, inasema tu pikseli hii ionekane kwa asilimia ngapi. Haisemi pikseli hiyo ilikuwa na rangi gani kabla haijachanganyika.

Kwa hiyo ninachouza ninapotaja bei ya nywele si urefu wa nywele wala wingi wake. Nauza mkutano wa vitu vitatu: nywele, kile kilichokuwa nyuma yake, na kile kitakachokuwa nyuma yake sasa. Afro kubwa iliyopigwa mbele ya ukuta mweupe ni kazi rahisi kuliko nywele fupi zilizopigwa mbele ya pazia la kahawia.

Picha ya dada wa Muscat ilikuwa mfano wa upande mwepesi. Alikuwa na nywele za asili zilizochambuliwa, nyuma yake karatasi nyeupe ya studio. Kwa picha ya namna hiyo siendi moja kwa moja kwenye `Select and Mask`. Nafungua `Channels`, naangalia nyekundu, kijani na buluu moja baada ya nyingine, na kwa ngozi zetu buluu ndiyo karibu kila mara inayotoa ngozi na nywele zikiwa nyeusi kabisa dhidi ya weupe. Naikopi chaneli hiyo, nabana `Levels` hadi nyuma iwe nyeupe tupu na nywele nyeusi tupu, napaka uso na nguo kwa brashi nyeusi, nageuza rangi, na hiyo ndiyo maski. Ncha za nywele zinabaki laini kama zilivyopigwa. Kinachokuja kuchukua muda ni ukingo mweupe. Zile pikseli za mchanganyiko zimebeba weupe wa studio, na ukimweka mtu mbele ya kitu cheusi zinawaka kama amevaa taji la unga. Dawa yake ni leya mpya iliyofungwa juu yake, katika hali ya `Multiply`, na brashi laini yenye rangi iliyochotwa kwenye nywele zenyewe, ukipita taratibu ukingoni. Niliandika saa moja na nusu.

Upande mzito ulikuwa Toronto. Rasta ndogo ndogo zilizoachiwa mabegani, nyuma yake kichaka kilichoivaa picha nzima, jua likipenya majani. Niliikuza hadi asilimia 300 nione nadili na nini. Rasta moja, ambayo kwa kweli huenda ina unene wa milimita tano, ilikuwa na upana wa pikseli nne. Na picha ya JPEG hufungwa kwa vijisanduku vya pikseli nane kwa nane, kwa hiyo sanduku moja lilikuwa na rasta moja, jani, na nusu ya rasta nyingine, vyote vimesagwa pamoja. Juu ya hapo, faili za namna hii kwa kawaida huhifadhi rangi kwa nusu ya pikseli tu kila upande, mwanga ndio unaobaki kamili. Matokeo yake ukijani wa majani ulikuwa umevuja ndani ya rasta zenyewe. Hakuna brashi ya `Refine Edge` inayotibu hilo, kwa sababu programu nayo inatafuta tofauti ya rangi ambayo haipo tena. Kinachobaki ni kuchora: kuondoa rasta za pembezoni zote na kuzichora upya moja moja kwa brashi, ukifuata mpindo wake na kivuli chake. Kazi hiyo naijua. Niliandika saa nne, na pembeni nikaweka alama ya kuuliza.

Alama hiyo ya kuuliza ni sehemu ya bei, na nitairudia.

Kabla ya hapo, kuna jambo lililonichukua miaka kulielewa. Kwa kuwa ugumu wa nywele unategemea pia kitakachokuwa nyuma yake, mpangilio wa watu kwenye picha unapunguza au kuongeza saa za kazi. Baraza ya mzee ilikuwa na ukuta wa chokaa uliopakwa rangi ya malai upande wa kushoto, na mlango wa mbao uliofunguliwa katikati, giza ndani. Dada aliyepigwa kwenye weupe ukimsimamisha mbele ya ukuta, ukingo wake mweupe unapotea wenyewe kwa sehemu kubwa. Mdogo aliyepigwa kwenye kichaka cheusi ukimsimamisha mbele ya giza la mlango, unaweza kuacha ncha za rasta zizame humo na hakuna atakayehesabu. Ukiwabadilishia nafasi, kazi inaongezeka kwa wote wawili. Vivyo hivyo kwa sehemu zisizokuwepo. Picha ya dada ilikatikia kiunoni, ya mama kifuani. Hao wanasimama nyuma ya kiti cha baba, na miguu yao haitatafutwa.

Ndiyo sababu sikati unywele hata mmoja kabla mpangilio haujakubaliwa. Nafanya rasimu ya haraka, watu wamekatwa kwa `Lasso` kienyeji, kingo zimechongoka, rangi hazijaoana, na juu yake naandika RASIMU kwa herufi kubwa. Inachukua saa mbili pamoja na kuhangaika kwake, na saa hizo zimo kwenye bei. Mteja anakubali nani asimame wapi na kwa ukubwa gani, kwa maandishi, ndipo maski zinaanza. Wenzangu wengi hupeleka kitu kilichokamilika kwa ajili ya kumfurahisha mteja. Mteja anafurahi kweli, halafu anaomba mama asogezwe kushoto.

Picha zenye matatizo nazigawa mafungu matatu: zinazofaa, zinazotengenezeka kwa gharama, na zinazokataliwa. Mbali na wingi wa pikseli, naangalia mwanga unatoka wapi na kamera ilikuwa urefu gani. Barazani kulikuwa kivulini, saa kumi jioni, mwanga mpana ukitoka upande wa barabara, kushoto. Kivuli cha namna hiyo kina huruma, kinasamehe tofauti ndogo. Lakini taa kubwa ya studio ya dada ilikuwa kulia, na jibu la haraka la mtu yeyote ni kuipindua picha. Nilikaribia kufanya hivyo. Kisha nikaona kipini puani. Ukipindua, kipini kinahamia pua ya upande wa pili, na baba yake ndiye wa kwanza kugundua kwamba huyo si binti yake. Basi upande mmoja wa uso ukapunguzwa mwanga, mwingine ukaongezwa, na hiyo ikaingia kwenye saa tatu na nusu nilizotenga kwa ajili ya mwanga, vivuli na kuoanisha rangi kwa picha nzima.

Urefu wa kamera ni rahisi kuupima kuliko watu wanavyodhani. Jirani alipiga akiwa amesimama, simu usawa wa kidevu, kwa hiyo mstari wa upeo wa macho kwenye picha ya msingi unapita karibu na kidevu cha kaka. Mtu mwingine yeyote aliyesimama pale sharti awe amepigwa kutoka urefu unaokaribiana na huo. Selfi ya mkono mmoja naikataa kabisa hata kama ina pikseli milioni kumi na mbili, kwa sababu kwa umbali wa nusu mita pua inavimba na masikio yanarudi nyuma, na ukimpunguza mtu huyo awe na kichwa cha sentimita tano na nusu anabaki na uso wa kijiko katikati ya watu waliopigwa kutoka mita nne.

Kwa picha ya mama nilimwomba kaka aitoe kwenye fremu na kuipeleka ikaskaniwe kwa 600 kwa inchi. Kichwa kwenye karatasi kilikuwa na sentimita tatu, ambazo zingetoa pikseli 700. Akajibu kwamba picha imeganda kwenye kioo. Hilo ni la kawaida kwa picha za zamani zinazokaa pwani: unyevu unaingia, uso wa karatasi unanatana na kioo, na ukivuta unabandua picha yenyewe. Nikamwambia asiiguse. Badala yake aipeleke chumba chenye dirisha moja, azime taa zote, asimame mbele ya khanga nyeusi iliyotundikwa nyuma yake ili kioo kisirudishe kitu chochote chenye mwanga, apige mara tano akisogea kidogo kidogo, na anitumie kama `Document` ili WhatsApp isizipunguze. Zilikuja tatu zinazofaa. Mng'ao uliobaki ulikuwa mahali tofauti kwenye kila moja, kwa hiyo nilizipanga moja juu ya nyingine na kuchukua shavu kutoka hii, paji la uso kutoka ile. Kichwa chenyewe hakikuwa na nywele za kukata, mama alijitanda mtandio, na ukingo wake ulikuwa kazi ya nusu saa. Lakini utengenezaji wa uso niliuandikia saa nne, nao nikauwekea alama ya kuuliza.

Sasa hesabu. Saa yangu moja ni 15,000. Sikuichagua kwa kuangalia jirani anatoza ngapi. Ninahitaji kuingiza 1,500,000 kwa mwezi ili nilipe pango, umeme, bando, programu, niweke akiba ya kompyuta ijayo na nile. Na katika mwezi nikijitahidi sana napata saa 100 ambazo mtu analipia. Nyingine zote zinakwenda kwenye simu, kutafuta wateja, kupakia mafaili na kusubiri umeme. Anayegawa kipato chake kwa saa 200 anajidanganya kwa nusu nzima.

Rasimu saa mbili. Kusafisha picha ya msingi, kuondoa ndoo na waya wa umeme, saa moja. Mama nne na nusu. Dada moja na nusu. Toronto nne. Mtoto moja. Mwanga na rangi tatu na nusu. Kuoanisha chengachenga za picha zote na kuandaa faili la kuchapa, saa moja. Awamu moja ya marekebisho, mbili. Mazungumzo, moja na nusu. Jumla saa 22, yaani 330,000. Baba na kaka, ambao kwa bei ya kichwa wangelipiwa 50,000, hawamo kabisa, maana wako barazani kwao tayari.

Kisha alama za kuuliza. Wengi huongeza asilimia kumi au ishirini juu ya jumla yote kama tahadhari. Naona si sawa, kwa sababu hatari haijatawanyika sawasawa kwenye kazi. Kusafisha ukuta najua kutachukua saa moja. Nisichokijua kiko kwenye mistari miwili tu, na hiyo ndiyo inayobeba tahadhari yake: nusu ya saa zake. Saa mbili kwa uso wa mama, saa mbili kwa rasta za Toronto, 60,000. Bei ikawa 390,000.

Lakini nilimpelekea dada bei mbili. Nilimwandikia kwamba kwa picha ya mdogo wake aliyonitumia, kazi ni 390,000. Mdogo huyo akipigwa tena, amesimama mbele ya ukuta mtupu kando ya dirisha, anayempiga akiwa mita tatu au nne na simu usawa wa kidevu, faili likatumwa kama lilivyo, kazi inashuka hadi 315,000. Rasta mbele ya ukuta mtupu ni saa moja, na tahadhari yake inaondoka. Tofauti ya 75,000 ilifanya kazi ambayo maelezo yangu yote kuhusu vijisanduku vya JPEG yasingeifanya. Picha mpya ilifika baada ya siku mbili.

Faida ya kumpa mteja bei mbili si kumwonyesha kwamba unajua. Ni kwamba tatizo la picha linarudi kwa mwenye uwezo wa kulitatua kwa bei nafuu. Mtu wa Toronto analitatua kwa dakika kumi bure, mimi kwa saa nne za macho kuuma. Asipokuwa na namna, kama ilivyokuwa kwa mama, basi analipa akijua analipia nini.

Kuhusu marekebisho, nimeona wahariri wakiahidi "marekebisho hadi utakaporidhika", na nimeona pia wanavyokonda. Naandika kwenye makubaliano awamu moja, na awamu maana yake ni orodha moja, kutoka kwa mtu mmoja, iliyokusanywa yote pamoja. Huyo mtu mmoja ndiye muhimu. Picha ya familia huingia kwenye kundi la familia, na huko kuna watu ishirini na sita, kila mmoja na jicho lake. Halafu natofautisha kosa na badiliko. Kosa ni langu: ukingo mweupe umebaki sikioni, kivuli cha kiti kimeelekea upande usio sahihi, rangi ya ngozi imekuwa nyekundu. Hayo nayarekebisha hata mara kumi, hayahesabiwi. Badiliko ni chochote kinachopingana na rasimu iliyokubaliwa, na linalipiwa kwa saa. Nusu ya malipo naipokea kama arubuni kabla ya rasimu, iliyobaki kabla ya kutoa faili kubwa. Faili la leya sitoi. Anayelitaka tunalipatania peke yake, na kwa kazi za mashirika ya matangazo hilo huwa mazungumzo marefu, lakini familia hazijawahi kuniomba.

Nilipopeleka picha iliyokamilika, orodha ya dada ilikuwa na mambo matatu madogo, na la nne likaja usiku, limeandikwa kwa haya: "Kaka, samahani sana. Mama wadogo wanasema mama asisimame nyuma. Wanasema alikuwa anakaa pale barazani na baba kila jioni. Inawezekana?"

Rasimu ilikuwa imekubaliwa akiwa amesimama. Na picha ya mama ilikatikia kifuani, kwa hiyo kumketisha kunahitaji mwili: mapaja, mikono, khanga inavyolala magotini. Nilimjibu kwamba inawezekana kwa saa tatu, 45,000, kwa sharti kwamba mtu wa umbo kama lake aketi kwenye kiti palepale, saa kumi jioni ileile, apigwe na jirani yuleyule akisimama alipokuwa. Hakubishana. Makubaliano yaliyoandikwa yanaondoa ubishi hata pale ambapo moyo wako ungependa kufanya bure. Nakiri kwamba moyo ulipenda.

Saa zangu huwa naziandika kazi ikiendelea, kwenye daftari, mstari kwa mstari. Uso wa mama ulikula tano na nusu, ndani ya tahadhari niliyoiweka. Mdogo wa Toronto dakika 45. Aliyeniponza ni mtoto. Nilimwandikia saa moja kwa sababu ana kishungi kimoja cha nywele na nyuma yake ukuta wa buluu, nikaona mteremko. Sikuangalia macho yake. Picha ikiwa tulivu, nuru ya dirisha inaonekana machoni kama nukta. Yake ilikuwa kamstari kafupi, kwa sababu aligeuka wakati picha inapigwa. Ukingo ulioyumba unafanana na ukingo laini wa nywele ukitazama kwa juujuu, lakini ndani yake buluu ya ukuta imepakwa pande zote kwa upana wa pikseli kumi, na maski haijui ishike wapi. Nilijenga ukingo upya, nikanoa uso kidogo, nikapunguza unoaji wa mikono ya babu yake iliyo karibu naye ili tofauti isipige kelele. Saa mbili na robo. Tangu hapo nuru ya macho ni kitu cha pili ninachokagua baada ya urefu wa kichwa.

Jumla, ukiacha lile badiliko la mwisho, ilikuwa saa 21 na nusu kwa 315,000, karibu 14,650 kwa saa. Kwa bei yangu ya zamani ya kichwa ningepata 180,000, chini kidogo ya 8,400 kwa saa, na yale ya kumketisha mama pengine ningeyafanya bure, nikinung'unika.

Aliyeketi kwa niaba ya mama alikuwa mdogo wake wa kufuatana naye, amevaa khanga ya marehemu. Shingo na mtandio viliungana vizuri. Mikono ndiyo iliyonisumbua, kwa sababu ilikuwa mikono ya mwanamke wa miaka sabini chini ya uso uliopigwa akiwa na hamsini. Nilimwandikia dada kumuuliza kama nipunguze mishipa na mikunjo, ni kazi ya nusu saa, na nikaongeza kwamba hiyo simtozi. Akajibu baada ya muda mrefu: "Iache. Mikono yao ilikuwa inafanana."